Ratiba ya marudio ya wiki kwa mwanafunzi wa PCB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania, tahasusi ya PCB, anayejiandaa na mtihani wa taifa wa mwezi Mei. Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina pepa tatu, mbili za nadharia na moja ya vitendo, kwa hiyo pepa tisa zinaweza kumwangukia ndani ya wiki mbili. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanafunzi wanayotuletea ofisini kuanzia mwezi wa tatu, wakiwa na daftari mkononi na ratiba iliyokwisha kuwashinda.

Nikitaka kupanga ratiba, nianzie wapi?

Anzia mwisho. Chukua ratiba ya mtihani iliyotolewa na NECTA, iandike kwenye karatasi moja kubwa pepa kwa pepa, kisha rudi nyuma siku kwa siku hadi leo. Wengi huanza na silabasi, wanagawa mada kwa idadi ya wiki, na ratiba inapendeza machoni. Kasoro yake huonekana wiki ya mtihani, pale pepa mbili nzito zinapofuatana na katikati yake kuna usiku mmoja tu. Silabasi haiwezi kukuambia hilo. Ratiba ya mtihani inakuambia.

Baada ya hapo tafuta fomati ya mtihani ya kila somo. Fomati ndiyo inayoonyesha mada zipi ziko pepa ya kwanza na zipi ziko ya pili. Kwa fomati ya Fizikia iliyotumika kwa miaka mingi, pepa ya kwanza imebeba vipimo, mekanika, joto, umeme wa mkondo, elektroniki na fizikia ya mazingira. Ya pili imebeba mwendo wa vimiminika, sifa za maada, mitetemo na mawimbi, umemetuli, sumakuumeme na fizikia ya atomu. Mwanafunzi anayejua mgawanyo huu hasomi “Fizikia” usiku wa kuamkia pepa ya kwanza. Anasoma mada sita, na nyingine sita anaziacha zilale. Mwombe mwalimu wako fomati inayotumika mwaka wako, maana mitaala imekuwa ikibadilishwa.

Nigawe muda sawasawa kwa masomo yote matatu?

Saa zinaweza kukaribiana, lakini namna ya kuzitumia haiwezi kuwa moja, kwa sababu masomo haya hayapotei kichwani kwa njia moja. Biolojia unaisahau hata kama uliielewa vizuri, kwa hiyo inataka kurudiwa mara nyingi kwa vipindi vifupi. Fizikia haisahauliki haraka hivyo, ila mkono unapoteza wepesi: usipokokotoa kwa wiki mbili, swali la dakika kumi linakula ishirini na tano. Inataka vipindi virefu, asubuhi, akili ikiwa haijachoka. Kemia ni masomo mawili ndani ya moja. Mahesabu ya moli, msawazo na nishati yafanyie kama Fizikia, na kemia ya oganiki pamoja na tabia za elementi zifanyie kama Biolojia.

Kwa hiyo unapojaza kisanduku cha ratiba usiandike “Kemia” peke yake. Andika “Kemia, mahesabu ya bufa, maswali manne”. Kisanduku chenye jina la somo tu kinakuruhusu kufungua daftari, kusoma kurasa ulizozizoea na kuamka ukidhani umefanya kazi.

Wiki moja ya marudio inaonekanaje?

Huu ni mfano wa wiki ya tano kabla ya mtihani, kwa mwanafunzi wa bweni ambaye vipindi vya darasani vimekwisha. Kama wewe ni wa kutwa, sogeza saa, lakini mpangilio uache ulivyo.

| Siku | Asubuhi, saa 2 hadi 4:30 | Mchana, saa 8 hadi 10 | Prepo, saa 1:30 hadi 3:30 usiku |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | Fizikia 1: mekanika, maswali | Biolojia: mada ya kwanza ya wiki | Kemia: mahesabu |
| Jumanne | Kemia: oganiki | Fizikia 1: umeme wa mkondo | Biolojia: mada ya pili |
| Jumatano | Fizikia 2: sumakuumeme | Maabara | Kemia: oganiki, kwa kuandika |
| Alhamisi | Kemia: mahesabu | Biolojia: mada ya tatu | Fizikia 2: sifa za maada |
| Ijumaa | Biolojia: maswali ya insha | Kemia: tabia za elementi | Fizikia: daftari la makosa |
| Jumamosi | Pepa kamili ya nadharia ya saa tatu, saa 2 hadi 5 | Kuisahihisha | Mapumziko |
| Jumapili | Ibada, kufua | Nafasi wazi | BAM na GS |

Kuna mambo mawili kwenye jedwali hili ambayo wanafunzi huyaondoa kwanza, nami nawasihi wasiyaguse. La kwanza ni Jumamosi mchana. Pepa ya saa tatu isiyosahihishwa haina faida, na kuisahihisha vizuri kunachukua karibu muda uleule wa kuifanya. La pili ni nafasi wazi ya Jumapili. Hapo ndipo unapolipa madeni ya wiki: kipindi kilicholiwa na mkutano wa shule, umeme uliokatika usiku wa Alhamisi, mada iliyokataa kuingia. Ratiba isiyo na nafasi wazi huvunjika Jumatano ya kwanza, na ikishavunjika mwenyewe hairudii tena.

Biolojia nasoma, naelewa, baada ya siku nne sina kitu. Nifanyeje?

Acha kuisoma tena, anza kuitoa kichwani. Chukua nefroni kwa mfano. Jumatatu mchana umesoma kazi ya figo. Funga daftari, chukua karatasi tupu, chora nefroni nzima na uandike kila sehemu jina na kazi yake: wapi damu inachujwa, wapi glukosi inarudishwa, kitanzi cha Henle kinafanya nini na chumvi, homoni ya ADH inabadilisha nini kwenye mrija mkusanyaji. Ukikwama, usifungue daftari papo hapo. Acha pengo, endelea, na mwisho fungua ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu.

Rudia zoezi hilohilo Jumatano, kisha Jumatatu inayofuata, kisha tena ndani ya wiki mbili za mtihani. Kila mara ni dakika kumi na tano au ishirini, mwanzoni mwa prepo kabla hujagusa kitu kingine. Rangi nyekundu ndiyo kipimo chako. Karatasi ya kwanza kwa kawaida inajaa nyekundu, ya tatu inabaki na mistari michache. Kama ya tatu bado imejaa, mada hiyo hukuielewa tangu mwanzo, na kukariri hakutasaidia. Nenda kwa mwalimu.

Jambo moja zaidi hapa: mtihani unaandikwa kwa Kiingereza. Kujadiliana kwa Kiswahili kunaharakisha kuelewa, na sina ugomvi nako hata kidogo, lakini karatasi tupu iandike kwa lugha utakayojibia. Nimewaona wanaoeleza osmosisi vizuri kabisa mdomoni na kukwama kwenye sentensi ya kwanza ya insha.

Mifano ya Fizikia kwenye daftari naifuata yote. Mbona kwenye pepa nakwama?

Kwa sababu kufuata hesabu aliyoifanya mwingine na kuianza mwenyewe ni kazi mbili tofauti. Kwenye mfano, mtu alishakuchagulia kanuni. Kwenye pepa, kuchagua ndiko kwenye alama.

Fanya hivi: swali lisome, andika ulichopewa pamoja na vizio vyake, andika unachotafutiwa, na ndipo utafute njia. Ukikosea, usifute. Lihamishe kosa kwenye daftari la makosa kwa mstari mmoja unaosema chanzo chake, si jibu sahihi tu.

Chukua swali la Yangi moduli ya waya wa feleji. Umepewa kipenyo cha waya, milimita 0.40. Kanuni ni E = FL/Ae. Mwanafunzi anachukua 0.40 kama nusukipenyo, anakokotoa eneo A = πr², na anapata 5 × 10¹⁰ Pa. Hesabu yote imenyooka, lakini eneo limekuwa kubwa mara nne, kwa hiyo jibu limekuwa dogo mara nne. Anayejua kwamba feleji huwa karibu na 2 × 10¹¹ Pa anashtuka palepale na kurudi nyuma. Kwenye daftari la makosa anaandika: “Nimetumia kipenyo badala ya nusukipenyo. Kagua kila swali la waya.”

Ijumaa usiku daftari hilo ndilo somo lenyewe. Ukilipitia baada ya wiki tatu utagundua makosa yako hayazidi aina tano au sita, yanajirudia kila mada. Mwingine ni vizio, mwingine ni alama ya kutoa kwenye mwelekeo, mwingine hasomi swali hadi mwisho.

Kemia ya oganiki ina mabadiliko mengi mno. Naiwekaje kwenye ratiba?

Ichore kama ramani, usiikariri kama orodha. Weka etheni katikati, mshale hadi ethanoli, kutoka hapo hadi ethanali, na kutoka ethanali hadi asidi ya ethanoiki. Juu ya kila mshale andika kitendanishi na masharti yake. Mshale wa ethanoli kwenda ethanali na ule wa kwenda hadi asidi yote miwili ina K₂Cr₂O₇ yenye asidi, na hapo ndipo wengi hupoteza alama: ukitaka ethanali lazima uitoneshe nje kadiri inavyotengenezwa, la sivyo inaendelea kuoksidishwa hadi asidi. Bila kuandika hilo, jibu lako linafaa mishale yote miwili na msahihishaji hawezi kukupa alama.

Jumanne asubuhi unajenga ramani. Jumatano usiku unaiandika upya bila kuangalia. Kila wiki unaongeza tawi moja.

Maabara yetu inafunguliwa mara moja kwa wiki. Vitendo nitavirudia vipi?

Siku hiyo moja itumie kwa kile tu kinachohitaji mikono: taitresheni, kuunganisha saketi, kupasua chura au mende. Mengine yote yafanyie mezani siku nyingine.

Kwenye Fizikia sehemu kubwa ya kazi ni jedwali na grafu, na hayo hayahitaji maabara. Chukua data za pepa ya zamani. Pendulamu kwa mfano: umepewa urefu l na muda wa mitetemo 20. Gawanya upate T, tafuta T², chora T² dhidi ya l. Mteremko ni 4π²/g. Ukiupata 4.0 s²/m, basi g ni 39.5 gawanya kwa 4.0, yaani 9.9 m/s² kwa kukadiria, nawe unajua uko salama. Ukipata g ya 2.5, huenda uligawanya muda kwa 10 badala ya 20: T imekuwa kubwa mara mbili, T² mara nne, kwa hiyo g imekuwa ndogo mara nne. Halafu kagua grafu yenyewe: kichwa, majina ya mihimili na vizio vyake, skeli inayotumia sehemu kubwa ya karatasi, nukta zinazoonekana, na pembetatu kubwa ya mteremko. Nukta za kuchukulia mteremko ziwe kwenye mstari, zisiwe nukta za jedwali.

Kwenye Kemia, jizoeze kuandika jedwali la bureti kabla hujaingia: usomaji wa mwisho, wa mwanzo, na ujazo uliotumika, vyote kwa desimali mbili. Kwenye uchunguzi wa chumvi, mpangilio wa majaribio, kinachoonekana na hitimisho ni lugha maalumu. Kaandike mara nyingi mpaka kalamu izoee. Vivyo hivyo vipimo vya chakula: mmumunyo wa Benedikti unapochemshwa na sukari ya kupunguza hutoka bluu, kijani, njano, hadi mashapo mekundu ya tofali. Mwanafunzi anayeandika “rangi ilibadilika” ameona jaribio lote na hakupata kitu.

Wiki mbili za mtihani zenyewe nizipange vipi?

Hapa ratiba ya wiki inakufa na nyingine inazaliwa. Tuchukue mpangilio wa kubuni, GS na BAM zikiwa pembeni:

Wiki ya kwanza: Jumatatu Fizikia 1, Jumanne Kemia 1, Alhamisi Biolojia 1, Ijumaa Fizikia 2.
Wiki ya pili: Jumatatu Kemia 2, Jumanne vitendo vya Fizikia, Jumatano Biolojia 2, Alhamisi vitendo vya Kemia, Ijumaa vitendo vya Biolojia.

Kwa kila pepa hesabu nusu siku zilizo huru kati yake na pepa iliyotangulia. Kemia 1 ina moja tu, Jumatatu mchana hadi usiku. Maana yake Kemia 1 inapaswa kuwa imekamilika kabla ya Jumapili, na Jumatatu ni ya kupitia ramani ya oganiki na daftari la makosa, basi. Biolojia 1 ina Jumatano nzima, kwa hiyo ndiyo inayoweza kusubiri. Fizikia 2 inakuja siku moja baada ya Biolojia 1. Mada zake sita zikamilishe wiki iliyotangulia mtihani, na Alhamisi mchana fanya maswali mawili matatu ya kuamsha mkono.

Sasa tazama mwisho wa juma. Karibu kila mwanafunzi atasoma Kemia 2 Jumamosi na Jumapili kwa kuwa ndiyo inayofuata. Lakini angalia mbele: Biolojia 2 ni Jumatano, na kabla yake kuna Kemia Jumatatu na vitendo Jumanne. Ukiiacha, itabaki na Jumanne mchana peke yake, na mzigo wa Biolojia hauingii ndani ya mchana mmoja. Kwa hiyo Jumamosi yote mpe Biolojia 2, kwa karatasi tupu mada baada ya mada. Jumapili mpe Kemia 2. Jumatatu mchana chora grafu mbili za Fizikia. Jumanne mchana rudi kwenye karatasi za Biolojia zenye rangi nyekundu tu, zile nyingine usiziguse.

Ratiba yako haitafanana na hii, ila njia ni ileile. Tafuta pepa yenye mada nyingi na nusu siku chache kabla yake, uilipie mapema.

Nikeshe?

Hapana. Kipindi kimoja cha saa mbili ulichokiongeza saa 8 usiku unakilipa kwenye pepa ya saa tatu asubuhi yake, na Fizikia ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu makosa ya alama na vizio hutokea mtu akiwa na usingizi. Lala saa 4:30, amka saa 11 alfajiri. Kwenye wiki mbili za mtihani asubuhi hiyo ni ya kupitia tu, usifungue mada mpya.

Malaria ilinilaza siku nne. Nianze upya?

Usianze upya, na usijaribu kufidia kila kipindi. Orodhesha vilivyopotea, kisha uvitenganishe. Marudio ya mada ulizowahi kuzifanya karatasi tupu mara mbili yaache, yatarudi yenyewe kwenye mzunguko. Mada ambayo hujaigusa kabisa iweke kwenye nafasi wazi ya Jumapili mbili zinazofuata. Pepa ya Jumamosi iliyokupita usiifidie. Siku mbili za kwanza baada ya kupona fanya vipindi vya asubuhi na mchana tu, prepo uache ulale.

Diskasheni ya kikundi iingie wapi?

Mara moja au mbili kwa wiki, watu watatu hadi wanne, kila mmoja akiwa ameshajaribu maswali peke yake. Kikundi kinafaa sana pale majibu yenu yanapotofautiana. Mkikuta mmoja anaeleza na wengine wananakili, vunjeni mkutano, kila mtu akafanye kwake.

Imebaki wiki tatu na sijaanza. Nini kinawezekana?

Acha wazo la kumaliza silabasi. Chukua pepa za zamani za miaka mitano ya karibuni, na kwa kila pepa orodhesha mada ambazo zimetokea kila mwaka. Anza na hizo. Kwenye Fizikia chagua mada nne kati ya sita za kila pepa na uzijue hadi mwisho, kwa kuwa mada zote zilizosomwa nusunusu ni hatari kuliko mada chache zilizokamilika. Kwenye Biolojia fanya mada moja kila siku kwa karatasi tupu, na kila siku ya tatu rudia mbili zilizopita. Vitendo usiviache hata kidogo, maana jedwali, grafu na vipimo vya chakula vinajifunzika ndani ya siku chache. Wiki ya mwisho fanya pepa kamili mbili kwa kila somo, kwa saa, ukiwa peke yako, na leo jioni kaanze na ratiba ya mtihani na ile karatasi kubwa.